Nani Aliyeinama? Uhakiki wa Hadithi Fupi "Usiku wa Kuamkia Ijumaa"

Msomaji, hadithi tutakayoipima hapa ni fupi sana. Imeandikwa kwa mkono katika kurasa tisa za daftari, na mwandishi wake, ambaye naye ni mwanafunzi, hakutia jina lake. Nilipopewa kuisoma nilidhani nitakuta mawaidha, kwa kuwa hadithi nyingi za shule zihusuzo akili bandia huanza kwa kosa na kuishia kwa adhabu. Hii haikufanya hivyo. Imenipa kazi ya kufikiri, na kwa sababu hiyo nimeona yafaa tuitazame pamoja, tuseme wapi imefaulu na wapi imeshindwa.

Kwanza nikueleze kisa chenyewe. Wasichana wawili wa kidato cha tatu wamekaa sebuleni, Alhamisi saa 3 usiku, katika nyumba iliyoko Embu, juu kidogo ya Runyenjes, mahali ambapo mashamba ya kahawa hukoma na ya chai huanza. Mwenye nyumba ni Wawira, mzaliwa wa hapo. Mwenzake ni Kendi, ambaye watu wake ni Wameru wa Nkubu, lakini mama yake huuza nguo sokoni Runyenjes, basi husoma shule ile ile ya kutwa. Kesho saa 2 asubuhi kila mmoja atatoa insha ya maneno yasiyopungua 400, itakayothibitisha methali isemayo: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawajaandika hata neno moja. Mezani ipo simu ya kaka yake Wawira, na ndani ya simu upo mtambo wa akili bandia ambao waweza kuwaandikia insha zote mbili kabla chai yao haijapoa.

Umeona kejeli iliyomo. Methali yasema kwamba atakaye kilichofichika chini ya kitanda hana budi kuinama akitafute, na wasichana hawa wanataka insha ya kusifu kuinama bila ya wao wenyewe kuinama. Ningeweza kumlaumu mwandishi kwamba kejeli hii iko wazi mno. Lakini simlaumu, maana ameiweka mezani tangu ukurasa wa kwanza, na baada ya hapo haitaji tena. Mwandishi dhaifu angalitukumbusha kila baada ya aya mbili.

Jambo la kwanza linaloipa hadithi hii nguvu ni namna mwandishi alivyogawa majukumu. Ungetazamia kwamba mwanafunzi dhaifu ndiye atakayependekeza hila, na hodari ndiye atakayekataa. Hapa mambo ni kinyume. Anayependekeza ni Wawira, ambaye insha zake husomwa mbele ya darasa. Yeye hana shida ya kuandika. Amechoka tu, na anajua kwamba akipata alama ndogo mara moja hakuna litakaloharibika. Kendi ndiye asitaye mwanzoni. Kisha, akiisha kushawishika, ndiye anayeshika hoja kwa nguvu zaidi, kwa kuwa yeye ana haja ya kweli.

Hoja ya Kendi yastahili kusikilizwa, na mwandishi ameiacha iseme mpaka mwisho bila kuikatiza. Kendi asema kwamba tangu kidato cha kwanza daftari lake la insha hurudi likiwa limejaa wino mwekundu. Insha iliyopita alipata alama 7 katika 20. Kiswahili kwake ni lugha ya tatu, baada ya Kimeru na Kiingereza, na ngeli humchanganya. Jioni yeye humsaidia mama yake kufunga kibanda, hufika nyumbani giza limekwisha kuingia, na hana wa kumwuliza neno. Yuko mwanafunzi darasani mwao ambaye baba yake humlipia mwalimu wa nyumbani kila Jumamosi. "Yeye akisaidiwa na mtu ni elimu," asema Kendi, "nami nikisaidiwa na simu ni wizi. Wawira mwenzangu, niambie tofauti iko wapi."

Wawira hajibu. Ukimya huo ni mojawapo ya mambo mazuri katika hadithi nzima. Mwandishi angeweza kumtia Wawira mdomoni jibu la haraka, nasi tungelisahau mara moja. Badala yake atuachia swali likae chumbani, lile swali ambalo wewe pia, msomaji, huenda umewahi kujiuliza. Tofauti ipo, lakini haikai mahali tunapodhani. Haiko kati ya mtu na chombo. Mwalimu wa nyumbani akikuandikia insha nzima ukainakili, umefanya lile lile. Na simu ikikuonyesha kwamba umeandika "kiti ambayo" badala ya "kiti ambacho", ukarekebisha na kujua kwa nini, umejifunza. Mwandishi halisemi jambo hili waziwazi. Ameliacha lijengwe na matukio yanayofuata.

Sasa tufike kwenye kitovu cha hadithi. Wasichana waandika agizo, na mtambo wajibu. Mwandishi anakili sehemu ya jibu lile, nayo ni sehemu inayofaa kusomwa kwa makini, kwa sababu ametuonyesha kasoro bila kututajia. Insha ya mtambo yaanza kwa kueleza maana ya methali, yasema kwamba bidii ni ufunguo wa mafanikio, kisha yatoa habari za kijana mmoja aitwaye Juma, mvuvi wa kijiji cha pwani, ambaye alikuwa maskini, akafanya bidii, akatajirika. Yafunga kwa kutukumbusha tena umuhimu wa bidii. Sarufi yake haina doa. Kendi afurahi. Wawira, aliyezoea kuandika, aona kwamba insha ya methali yataka kisa kimoja kinachodhihirisha pande zote mbili za methali: lipi lilikuwa mvunguni, na mtu aliinama vipi. Juma hakuinama popote. Tumeambiwa tu kwamba alijitahidi.

Waongeza agizo: kisa kiwe cha Embu. Baada ya nukta chache Juma amehama. Sasa ni mkulima wa chai chini ya Mlima Kenya, na twaambiwa kwamba "msimu wa mavuno ulipowadia, mara moja kwa mwaka, Juma alivuna chai yake yote, akaipeleka mjini kuiuza." Hapa Kendi asoma kwa sauti, naye Wawira aangua kicheko. Mtoto yeyote wa upande ule ajua kwamba chai haivunwi kama mahindi. Huchumwa mwaka mzima, majani mawili na chipukizi lake, na mchumaji hurudi kwenye kichaka kile kile baada ya siku 7 hadi 14. Majani yakiisha kuchumwa hayangoji. Sharti yafike kituo cha kununulia siku ile ile, yapimwe, yachukuliwe kiwandani.

Yafaa tusimame kidogo tuulize kwa nini mtambo ulikosea hivyo, maana hadithi haielezi na baadhi yenu mtataka kujua. Mitambo ya namna hii, kama ChatGPT iliyotolewa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022, imelishwa maandishi mengi kupita kiasi, nayo huandika kwa kubashiri kipande cha neno baada ya kingine, ikichagua kile kinachoelekea kufuata. Kwa kuwa katika maandishi mkulima hufuatwa na msimu, na msimu hufuatwa na mavuno, maneno hayo yamekuja yenyewe kwa mpangilio mzuri. Mtambo haukudanganya kwa makusudi, wala haukusema kweli kwa makusudi. Haukuwahi kusimama shambani ukaona jani lililobaki. Kosa la sarufi huonekana na mwalimu yeyote. Kosa la namna hii huonekana na mwenye kuishi mahali pale tu. Hilo ndilo mwandishi alilolitambua, naye amelitambua kwa sababu yeye mwenyewe amechuma chai, au angalau amemwona mama yake akichuma.

Twaweza kumsifu mwandishi kwa jambo jingine hapa. Wasichana hawaachi mpango wao kwa kuogopa kukamatwa. Kendi ataja kwamba viko vyombo vinavyodai kugundua maandishi ya mtambo, na Wawira ajibu kwamba havitegemeki. Ni kweli. Hata kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, ilikiondoa chombo chake cha kugundulia mwezi wa Julai 2023 kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Kama hadithi ingesimama juu ya hofu, ingeanguka siku hofu itakapoondoka. Mwandishi ameiondoa hofu mapema, ili swali libaki tupu: ikiwa hakuna atakayejua, je, tuandikiwe?

Hapo ndipo aingiapo kaka yake Wawira, na hapo pia ndipo hadithi inapoyumba. Kaka huyu aliishi Nairobi miaka mitatu, katika chumba kimoja, akiwaandikia wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo insha zao kwa malipo. Kazi hiyo si ya kubuniwa. Vijana wengi wa Kenya waliomaliza vyuo na kukosa ajira wameifanya, na mwaka 2024 ilitolewa filamu ya kweli juu yao iitwayo "The Shadow Scholars", ambamo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, afuatilia maisha yao. Huko Uingereza sheria ya mwaka 2022 ilifanya kuwa kosa kuuza insha kwa wanafunzi namna hiyo. Kisha mitambo ikaja, na wateja waliokuwa wakilipa wakaanza kuandikiwa kwa bei ndogo au bure. Kaka amerudi nyumbani, na sasa huchuma chai.

Wazo la kumweka mtu kama huyu chumbani ni zuri sana. Yeye ndiye aliyekuwa mtambo kabla ya mtambo. Lakini mwandishi ampa kurasa mbili nzima za kuhutubu, katika hadithi ya kurasa tisa, na kaka asema mambo ambayo hakuna kaka asemaye saa 4 usiku akiwa amechoka: habari za heshima ya kazi, za mustakabali wa taifa, za vijana kuwa nguzo. Ningalikuwa mwandishi ningalifuta yote hayo na kubakiza sentensi tatu tu, ambazo ni bora kuliko hotuba yote. Kaka asema kwamba mmoja wa wateja wake alikuwa akisomea uuguzi, naye alimwandikia insha zote za mwaka mmoja juu ya vipimo vya dawa. "Nilipata alama nzuri," asema. "Sijui yeye alipata nini. Siku hizi nikisikia mtu amelazwa huko, namfikiria yule msichana ameshika sindano."

Soma tena sentensi hizo, msomaji. Hazimkemei mtu. Hazitaji wizi wala heshima. Zatuonyesha mgonjwa tusiyemjua, mbele ya muuguzi asiyejua kipimo cha dawa, na kati yao kijana wa Kenya aliyejua bila kuwapo. Hapo twaelewa kwamba insha si karatasi tu. Ni ahadi kwamba mtu fulani anajua jambo fulani. Mwandishi akiisha kutupa picha kama hiyo, hana haja ya kuhutubu. Hili ni funzo kwa kila mmoja wenu anayetaka kutunga: ukipata picha iliyo sawa, nyamaza.

Baada ya kaka kwenda kulala, Wawira achukua kalamu. Mwandishi hatuambii kwamba ameamua. Atuambia tu kwamba ameanza kuandika juu ya mama yake. Mwezi wa Novemba uliopita, wakati wa mavuno makubwa ya kahawa, alikwenda naye kiwandani kupeleka buni. Kama ilivyo desturi, karani hakupima mpaka mbichi na zilizokauka zitengwe na zile nyekundu zilizoiva. Mama akatandaza gunia chini, akamwaga mzigo wote, akainama kuchambua moja moja. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Wakati huo wakapita wanafunzi wenzake Wawira, naye, kwa aibu, akasimama wima kando kana kwamba hamjui yule mwanamke aliyeinama. Fedha za buni zile ndizo zilizolipa karo ya muhula uliofuata.

Tazama jinsi kisa hiki kinavyokamilisha methali. Kilichokuwa mvunguni ni karo. Aliyeinama ni mama. Na aliyesimama wima ni yule yule msichana ambaye usiku huu alitaka insha bila kuinama. Mwandishi haunganishi nyuzi hizi kwa maneno. Aziacha zigusane zenyewe. Tena kisa hiki hakingeweza kutoka mtambo wowote, si kwa sababu mtambo hauna maneno ya kukisimulia, bali kwa sababu hakuna aliyekuwa amekiandika popote. Kilikuwa kimelala ndani ya mtu mmoja, naye alikuwa akikificha kwa aibu. Hii ndiyo sehemu bora ya hadithi, nayo ndiyo inayojibu swali la Kendi kwa nusu.

Nasema kwa nusu, kwa maana Kendi bado yumo chumbani. Wawira ana kisa na ana Kiswahili cha kukisimulia. Kendi naye ana visa, bila shaka, vya soko na kibanda na mama yake. Lakini ngeli bado zamchanganya, na saa imekwisha kuwa 5. Yeye ndiye tunayemwogopea. Na hapa mwandishi, aliyekuwa jasiri mpaka sasa, ananywea. Twamwona Kendi akiizima simu. Baada ya mistari michache twamwona akiiwasha tena. Kisha twarukia asubuhi: madaftari mawili juu ya meza ya mwalimu, kengele inalia, na hadithi imekwisha. Hatujui Kendi aliiwasha simu ili anakili habari za Juma, au ili aulize neno moja aliloshindwa, au ili atazame saa.

Wako watakaosema kwamba mwisho huu ni mzuri kwa kuwa humwachia msomaji nafasi. Sikubaliani nao, na ningependa uelewe sababu yangu. Kuacha swali wazi ni jambo moja. Kuficha tendo ni jambo jingine. Swali la kama Kendi alifanya haki laweza kuachwa wazi, hata baada ya kujua alichofanya. Lakini alichofanya si swali. Kendi mwenyewe anakijua, na kwa kurasa nane tumekuwa karibu naye kiasi cha kusikia mawazo yake. Kutufungia mlango ghafula kwenye ukurasa wa tisa si kutuachia nafasi, ni kukwepa. Nadhani mwandishi aliogopa. Alimpa Kendi hoja nzuri mno, kisha hakujua la kumfanyia: akimfanya anakili, ataonekana amemhukumu maskini, akimfanya aandike, hadithi itaonekana kama mahubiri.

Lakini njia ya tatu ilikuwapo, na mwandishi mwenyewe alikuwa ameitayarisha. Kumbuka kicheko cha chai. Kendi hakucheka wa kwanza. Yeye ni mtoto wa soko, si wa chai. Je, kama mtambo ungeandika uongo juu ya soko? Kama ungesema kwamba mwuza nguo za mitumba hupanga bei yake mara moja na kuiandika, wakati Kendi anajua kwamba mama yake hufungua mzigo bila kujua kilichomo, na bei ya kila vazi huzaliwa kati yake na mnunuzi? Hapo Kendi angegundua kwamba yeye pia ana jambo ambalo mtambo haulijui. Angeandika kwa Kiswahili chake chenye makosa, akaomba simu imwonyeshe ngeli alizokosea, akazisahihisha kwa mkono wake. Angepata labda alama 9. Hadithi ingekuwa kali zaidi, kwa sababu alama hizo mbili zingekuwa zake, na pia kwa sababu tungejua kwamba zingeweza kuwa 15 kama angenakili.

Nisije nikadhaniwa kwamba napuuza alama. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili humtaka mtahiniwa aandike insha mbili kwa muda wa saa moja na dakika 45, kila moja kwa alama 20, bila simu chumbani. Wawira ataingia humo na kisa cha mama yake, na vingine alivyozoea kuvitafuta ndani ya nafsi yake. Kendi ataingia na kile alichokizoea usiku kama ule. Mwandishi hakuandika sura hiyo, wala hakupaswa kuiandika; lakini msomaji makini aiona kwa mbali, nyuma ya yale madaftari mawili mezani.

Hukumu yangu basi ni hii. "Usiku wa Kuamkia Ijumaa" ni hadithi iliyojengwa vizuri katika nguzo tatu: hoja ya Kendi isiyokatizwa, kosa la chai lililowekwa bila maelezo, na mama aliyeinama kiwandani. Imedhoofishwa na hotuba ya kaka, na imeharibiwa kidogo na mwisho unaokwepa. Mwandishi wake ana jicho, naye aweza kurudi akaandika upya ukurasa wa tisa. Nawe ukiisoma, jaribu kuuandika ukurasa huo mwenyewe kabla ya kukubali au kukataa niliyosema. Mwonyeshe Kendi akiiwasha simu, tuambie aliandika nini juu ya skrini, na usituambie kama alifanya vema. Utagundua jinsi ilivyo kazi ngumu, na utamsamehe mwandishi kuliko nilivyomsamehe mimi.